Eneo la poligoni ya tufe kwa ziada ya pembe

'''Ziada ya pembe''' ni kiasi ambacho jumla ya pembe za ndani za umbo lililochorwa juu ya uso wa tufe huzidi jumla ya pembe za umbo kama hilo lililochorwa kwenye karatasi bapa. Pembetatu ya kwenye karatasi ina jumla ya nyuzi 180 kamili. Pembetatu ya kwenye tufe daima ina zaidi ya nyuzi 180, na ziada hiyo inalingana moja kwa moja na eneo la pembetatu. Anayejua ziada na nusukipenyo cha tufe anaweza kupata eneo bila kujua urefu wa upande hata mmoja.

Kwa kuwa Dunia inakaribia umbo la tufe, kanuni hii hutumika kukokotoa eneo la sehemu kubwa za ardhi kama vile wilaya, mapori ya akiba na mashamba makubwa. Makala hii inaeleza kanuni yenyewe, kisha inaonyesha hesabu kamili kwa kipande cha ardhi kilichopo Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe, nchini Tanzania, pamoja na mipaka ya njia hii.

== Maana ya maneno ==

'''Duara kuu''' ni duara lolote juu ya tufe ambalo kitovu chake ni kitovu cha tufe lenyewe. Ikweta ni duara kuu, na kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Mistari ya latitudo, isipokuwa ikweta, si maduara makuu. Njia fupi kabisa kati ya nukta mbili juu ya tufe hufuata duara kuu.

'''Poligoni ya tufe''' ni umbo ambalo pande zake zote ni vipande vya maduara makuu. Ikiwa na pande 3 ni pembetatu ya tufe, ikiwa na pande 4 ni pembenne ya tufe, na kadhalika.

'''Radiani''' ni kipimo cha pembe ambacho nyuzi 180 ni sawa na π. Uzi mmoja una dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Kwa hiyo radiani 1 ni sawa na takriban sekunde 206,265. Sekunde zinazotajwa katika makala hii ni za pembe, si za saa.

== Kanuni ==

Kwa pembetatu ya tufe yenye pembe A, B na C zilizopimwa kwa radiani, ziada E na eneo S ni:

E = A + B + C − π

S = E × R²

ambapo R ni nusukipenyo cha tufe. Kwa poligoni yenye pande n, kanuni inakuwa:

E = (jumla ya pembe zote za ndani) − (n − 2) × π

S = E × R²

Mfano rahisi ni pembetatu yenye kona moja kwenye ncha ya kaskazini, kona ya pili kwenye ikweta karibu na Nanyuki nchini Kenya, na kona ya tatu kwenye ikweta nyuzi 90 upande wa mashariki wa hapo. Pembe zake zote tatu ni nyuzi 90. Jumla ni nyuzi 270, ziada ni nyuzi 90, yaani π/2. Eneo ni πR²/2. Eneo la tufe zima ni 4πR², kwa hiyo pembetatu hiyo ni sehemu ya nane ya tufe. Jibu hilo linaonekana hata kwa macho, kwa kuwa pembetatu 8 za aina hiyo hufunika tufe lote bila kubakiza nafasi.

== Kwa nini kanuni ni kweli ==

Uthibitisho wake unaanzia kwenye kipande cha tufe kinachofanana na ganda la kipande kimoja cha chungwa. Nusu mbili za maduara makuu zinazokutana kwenye ncha mbili na kufanya pembe A hufunga kipande chenye eneo 2AR², kwa sababu pembe kamili ya 2π ingefunga tufe zima lenye eneo 4πR².

Sasa ichukuliwe pembetatu yenye pembe A, B na C, na pande zake zirefushwe mpaka ziwe maduara makuu kamili. Kwenye kila kona vinapatikana vipande viwili vya namna ile, kimoja kikibeba pembetatu yenyewe na kingine kikibeba pembetatu pacha iliyo upande wa pili wa tufe. Vipande vyote sita kwa pamoja vina eneo 4(A + B + C)R².

Vipande hivyo hufunika tufe lote. Hata hivyo, pembetatu yenyewe imefunikwa mara tatu badala ya mara moja, na pacha wake vilevile. Hivyo kuna maeneo manne ya S yaliyohesabiwa zaidi:

4(A + B + C)R² = 4πR² + 4S

Ukigawanya kwa 4 na kupanga upya, unabaki na S = (A + B + C − π)R².

Poligoni yenye pande n hugawanywa kuwa pembetatu n − 2 kwa kuunganisha kona zake. Ziada za pembetatu hizo hujumlishwa, na ndipo panapotokea (n − 2)π. Kanuni inabaki kweli hata poligoni ikiwa na kona inayoingia ndani, mradi pembe ya kona hiyo ihesabiwe kuwa zaidi ya nyuzi 180.

Mwingereza Thomas Harriot aliifahamu kanuni hii mwaka 1603 lakini hakuichapisha. Albert Girard aliichapisha mwaka 1629, na kwa sababu hiyo inajulikana kama kanuni ya Girard.

== Ukubwa wa ziada katika ardhi halisi ==

Kabla ya kuanza hesabu yoyote ni vizuri kujua sekunde 1 ya ziada ni sawa na eneo gani. Karibu na latitudo 9° kusini, nusukipenyo kinachofaa cha Dunia ni kilomita 6,357.8 (sababu yake inaelezwa chini). Sekunde 1 ni radiani 0.00000484814. Kwa hiyo:

6,357.8² × 0.00000484814 = km² 195.97

Yaani kila sekunde moja ya ziada ni karibu kilomita za mraba 196. Pori la Akiba Mpanga/Kipengere, ambalo liko katika wilaya za Wanging'ombe, Makete na Mbarali, lina eneo la takriban km² 1,574. Ziada yake yote ni sekunde 8 tu. Shamba la hekta 1 lina ziada ya sekunde 0.00005.

Namba hizi zinaonyesha jambo la msingi kuhusu njia hii. Ziada ya pembe ni ndogo mno kupimwa uwanjani kwa ajili ya kupata eneo. Mpima ardhi mwenye theodolaiti nzuri, anayepima kila pembe kwa kosa la kawaida la sekunde 1, atapata katika pembenne kosa la jumla la sekunde 2, kwa kuwa makosa manne yasiyotegemeana hujumlishwa kwa kuzidisha kosa la pembe moja na √4. Sekunde 2 ni km² 392. Katika pori lenye km² 1,574, hilo ni kosa la robo nzima ya eneo.

Kwa sababu hiyo, pembe zinazotumika katika kanuni hazitoki kwenye kifaa cha kupimia pembe. Hukokotolewa kutoka kwenye latitudo na longitudo za kona, zikiwa na desimali nyingi za kutosha. Kosa la mahali pa kona halina madhara makubwa kama kosa la pembe. Bikoni ikikosewa kwa mita 10, eneo linakosewa kwa kiasi cha mita hizo 10 zikizidishwa na nusu ya umbali kati ya kona mbili za jirani. Katika umbo lenye umbali wa kilomita 50 kati ya kona hizo, hilo ni hekta 25 tu.

== Mfano: kipande cha ardhi Wanging'ombe ==

Wilaya ya Wanging'ombe ilianzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Wilaya ya Njombe, na makao makuu yake yako Igwachanya. Kwa mfano huu imechukuliwa pembenne inayofunika sehemu ya nchi hiyo, upande wa magharibi wa Makambako. Haifuati mpaka wowote wa kisheria. Imechaguliwa kwa sababu kona zake zina namba rahisi na ukubwa wake unakaribiana na ule wa Mpanga/Kipengere. Kona zake ni:

* P: 8°45′ kusini, 34°15′ mashariki
* Q: 8°45′ kusini, 34°45′ mashariki
* T: 9°00′ kusini, 34°45′ mashariki
* U: 9°00′ kusini, 34°15′ mashariki

Umbo hili lina upana wa karibu kilomita 55 kutoka mashariki hadi magharibi, umbali unaokaribiana na ule wa barabara ya Makambako hadi Njombe, na urefu wa karibu kilomita 28 kutoka kaskazini hadi kusini. Pande zote nne zinachukuliwa kuwa maduara makuu.

=== Hatua ya kwanza: kupata pembe ===

Pande QT na UP hufuata longitudo, kwa hiyo mwelekeo wake ni kaskazini na kusini kamili. Pande PQ na TU haziendi mashariki na magharibi kamili. Duara kuu linalounganisha nukta mbili za latitudo moja katika nusu ya kusini hujipinda kuelekea kusini. Hivyo kwenye kila kona upande huo huachana na mstari wa mashariki-magharibi kwa pembe ndogo d, ambayo hupatikana hivi:

tan d = sin φ × tan (Δλ / 2)

φ ni latitudo na Δλ ni tofauti ya longitudo. Hapa Δλ ni dakika 30, nusu yake ni dakika 15, na tan 15′ = 0.00436335082.

Kwa upande wa kaskazini: sin 8°45′ = 0.15212338619, na d = sekunde 136.9119, yaani 0°02′16.9119″.

Kwa upande wa kusini: sin 9° = 0.15643446504, na d = sekunde 140.7919, yaani 0°02′20.7919″.

Kwenye kona za kaskazini mpindo wa upande PQ huingia ndani ya umbo, hivyo pembe hupungua. Kwenye kona za kusini mpindo wa upande TU hutoka nje ya umbo, hivyo pembe huongezeka:

* P na Q: 90° − 0°02′16.9119″ = 89°57′43.0881″
* T na U: 90° + 0°02′20.7919″ = 90°02′20.7919″

=== Hatua ya pili: kupata ziada ===

Jumla ya pembe nne ni:

2 × (89°57′43.0881″ + 90°02′20.7919″) = 360°00′07.7600″

Pembenne bapa ina nyuzi 360. Ziada ni sekunde 7.7600.

=== Hatua ya tatu: kupata eneo ===

S = 7.7600 × 195.97 = km² 1,520.7

Hesabu ikifanywa bila kukata desimali za sekunde moja ya ziada (195.9695), jibu ni km² 1,520.72, yaani hekta 152,072.

=== Kuhakiki jibu ===

Eneo lililo kati ya mistari miwili ya latitudo na mistari miwili ya longitudo lina kanuni yake isiyotumia pembe kabisa:

S = R² × Δλ × (sin φ₂ − sin φ₁)

Δλ iwe kwa radiani: 0.00872664626. Tofauti ya sin ni 0.15643446504 − 0.15212338619 = 0.00431107885. Jibu ni km² 1,520.71.

Tofauti ya majibu mawili ni karibu hekta 0.9, na ina sababu. Kanuni ya pili inahesabu umbo lililofungwa na mistari ya latitudo, wakati ya kwanza inahesabu umbo lililofungwa na maduara makuu. Upande wa kusini duara kuu hutoka nje ya latitudo ya 9° kwa mita 9.4 katikati ya safari yake, na kuongeza karibu hekta 34. Upande wa kaskazini mpindo kama huo hukata karibu hekta 33. Baada ya kutoa, inabaki hekta moja pungufu kidogo. Hesabu mbili zikitofautiana kwa kiasi kinachoweza kuelezwa hivi, ni ishara nzuri kwamba zote mbili zimefanywa sawasawa.

== Hatari ya kukadiria pembe ==

Mfano uleule unaonyesha kwa nini desimali za pembe ni muhimu. Pembe zikiandikwa kwa usahihi mbalimbali, eneo linakuwa hivi:

* Desimali nne za sekunde: ziada 7.7600″, eneo km² 1,520.72
* Desimali moja ya sekunde: ziada 7.8″, eneo km² 1,528.6
* Sekunde kamili: ziada 8″, eneo km² 1,567.8
* Dakika kamili: pembe ni 89°58′ na 90°02′, ziada sifuri, eneo sifuri

Mstari wa mwisho si mzaha. Mwanafunzi anayekadiria pembe kwenye dakika iliyo karibu huambiwa na kanuni kwamba kipande cha kilomita 55 kwa 28 hakina eneo lolote. Akikadiria kwa desimali moja ya sekunde, anakosea hekta 784, ukubwa unaoweza kuwa ardhi ya kijiji.

Tatizo ni kwamba kanuni inatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana sana, nyuzi 360 na nyuzi 360 na kitu kidogo, na kinachobaki ni tarakimu za mwisho tu. Zile tarakimu za mwanzo, hata ziwe sahihi kiasi gani, zinafutana.

=== Njia isiyopoteza tarakimu ===

Kuna namna ya kupata ziada ileile bila kupitia kwenye pembe kubwa. Kila upande wa poligoni, pamoja na mistari ya longitudo inayoshuka kutoka kwenye ncha zake hadi ikweta, hufunga umbo lenye ziada yake, inayoitwa hapa e:

tan (e / 2) = tan (Δλ / 2) × sin ((φ₁ + φ₂) / 2) / cos ((φ₁ − φ₂) / 2)

Poligoni huzungukwa upande baada ya upande kwa mwelekeo mmoja, na e zote hujumlishwa pamoja na alama zake. Zile sehemu zilizo kati ya poligoni na ikweta huhesabiwa mara moja kwa chanya na mara moja kwa hasi, hivyo zinafutika. Katika mfano wa Wanging'ombe, pande mbili za longitudo zina Δλ ya sifuri na hazichangii chochote. Pande mbili zilizobaki huchangia sekunde 281.5838 na −273.8238. Tofauti ni 7.7600. Hapa namba zinazotolewa ni mamia ya sekunde tu, si nyuzi 360, na kikokotoo cha kawaida cha shule chenye tarakimu 10 kinatosha.

Kwa kompyuta, hesabu nzima ni mistari michache ya lugha ya Python:

```python
from math import radians, tan, sin, cos, atan

def eneo(nukta, R=6357.8):
    jumla = 0
    for i in range(len(nukta)):
        f1, l1 = map(radians, nukta[i-1])
        f2, l2 = map(radians, nukta[i])
        jumla += 2*atan(tan((l2-l1)/2)*sin((f1+f2)/2)/cos((f1-f2)/2))
    return abs(jumla)*R*R

print(eneo([(-8.75, 34.25), (-8.75, 34.75), (-9, 34.75), (-9, 34.25)]))
```

Kona huandikwa kwa nyuzi za desimali, latitudo kwanza, na latitudo za kusini hupewa alama ya kutoa. Jibu ni kwa kilomita za mraba. Poligoni isizunguke ncha ya Dunia.

== Kuchagua nusukipenyo ==

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Umbo lake hukadiriwa na elipsoidi, na mpindo wa elipsoidi hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Vitabu vya shule hutumia wastani wa kilomita 6,371 kwa Dunia nzima. Kwa eneo la sehemu moja, kinachofaa ni nusukipenyo cha mpindo wa mahali hapo, yaani √(M × N), ambapo M ni nusukipenyo cha mpindo kwa mwelekeo wa kaskazini-kusini na N ni cha mwelekeo wa mashariki-magharibi.

Kwa elipsoidi ya WGS 84, inayotumiwa na GPS, katika latitudo ya 9° M ni kilomita 6,337.0 na N ni kilomita 6,378.7. Kutokana na hizo mbili hupatikana 6,357.8.

Tofauti na 6,371 ni ndogo kwa macho, lakini eneo hutegemea kipeo cha pili cha R. Kipande cha Wanging'ombe kikikokotolewa kwa kilomita 6,371, eneo linakuwa karibu km² 1,527.0. Hilo ni ongezeko la km² 6.3, au hekta 630, lisilotokana na kosa lolote la upimaji. Kwa nchi nzima, ambamo mpindo hubadilika kutoka latitudo moja hadi nyingine, ni afadhali kukokotoa juu ya elipsoidi yenyewe. Programu za ramani hufanya hivyo. Charles Karney alichapisha mwaka 2013 njia sahihi ya hesabu hiyo.

== Mambo mengine yanayobadilisha jibu ==

'''Kimo cha ardhi.''' Eneo lililopatikana juu ni la usawa wa bahari. Nyanda za Juu za Kusini ziko juu, na uso wa ardhi ulio juu uko mbali zaidi na kitovu cha Dunia. Kama wastani wa kimo ni mita 1,500, eneo la mlalo kwenye kimo hicho ni kubwa zaidi kwa sehemu 0.00047. Katika mfano huu ni km² 0.72, yaani hekta 72. Ni lazima ijulikane kama eneo lililoandikwa kwenye hati ni la usawa wa bahari au la kimo cha ardhi.

'''Mfumo wa marejeo.''' Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960 wenye elipsoidi ya Clarke 1880, ilhali GPS hutoa majiranukta ya WGS 84. Nukta moja katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini-kusini. Kona zote zikiwa katika mfumo mmoja, eneo halibadiliki kwa kiasi cha maana. Lakini kona za kaskazini zikisomwa kwenye ramani ya zamani na zile za kusini zikichukuliwa kwa GPS, umbo hurefushwa au kufupishwa kwa mita hizo 300 katika upana wa kilomita 55, na kosa linafikia karibu km² 16.

'''Mpaka usio duara kuu.''' Mpaka unaofuata mto, barabara au mstari wa latitudo unahitaji kona za kati za kutosha. Upande mmoja wa latitudo ya 9° wenye urefu wa dakika 30 za longitudo hutofautiana na duara kuu kwa hekta 34. Ukigawanywa kuwa vipande viwili, tofauti hushuka hadi robo, karibu hekta 8.5, ukigawanywa kuwa vinne, hadi karibu hekta 2.

'''Mwelekeo wa kuzunguka.''' Pembe zikichukuliwa upande wa nje badala ya ndani, kanuni hutoa eneo la sehemu yote ya Dunia iliyobaki. Dalili yake ni ziada inayokaribia nyuzi 720.

== Ulinganisho na hesabu za bapa ==

Wapima ardhi wa Tanzania kwa kawaida hukokotoa eneo kwenye gridi ya UTM. Wanging'ombe iko katika kanda ya 36 kusini, ambayo mstari wake wa kati ni longitudo 33° mashariki. Kwenye mstari huo urefu wa gridi umepunguzwa kwa kuzidishwa na 0.9996, na upungufu huo huisha kiasi cha kilomita 180 kutoka kwenye mstari. Kipande cha mfano kiko kati ya kilomita 137 na 193 hivi kutoka mstari wa kati, yaani karibu na mahali ambapo gridi na ardhi vinalingana. Eneo lake la gridi ni pungufu kwa karibu hekta 18 tu kati ya hekta 152,072. Kipande chenye ukubwa uleule kilicho juu ya mstari wa kati wenyewe kingepungua kwa zaidi ya hekta 100.

Kwa hiyo kwa shamba la kawaida hakuna sababu ya kutumia ziada ya pembe. Njia hii ina faida pale ambapo ardhi ni pana kiasi cha kuvuka kanda mbili za UTM, au ambapo mtu anataka jibu lisilotegemea gridi yoyote ili kuhakiki lile la gridi.

== Matumizi katika upimaji wa pembetatu ==

Katika historia ya upimaji, ziada ya pembe ilitumika zaidi kwa kinyume chake: eneo lilijulikana kwanza, na ziada ikatumika kuhakiki pembe. Kabla ya GPS, nchi zilipimwa kwa minyororo ya pembetatu kubwa kutoka kilele hadi kilele. Nchini Tanganyika kazi hiyo ilifanywa mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya Martin Hotine, kama sehemu ya mnyororo uliofuata longitudo ya 30° mashariki kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri.

Pembetatu ya pande sawa za kilomita 50 ina eneo la km² 1,083. Makadirio ya eneo hilo kwa hesabu ya kawaida ya bapa yanatosha kabisa kutoa ziada ya sekunde 5.52. Kwa hiyo pembe tatu zilizopimwa bila kosa zinapaswa kuwa na jumla ya 180°00′05.52″. Jumla ikitoka 180°00′06.3″, kosa la upimaji ni sekunde 0.8, na pembetatu ni nzuri. Asiyejua ziada angedhani amekosea sekunde 6.3, akarudi mlimani bure. Vilevile, jumla ikitoka nyuzi 180 kamili si jambo la kufurahia, bali ni dalili ya kosa la sekunde 5.5.

Mfaransa Adrien-Marie Legendre alionyesha mwaka 1787 namna ya kumalizia kazi hiyo. Kila pembe hupunguzwa kwa theluthi ya ziada, hapa sekunde 1.84, kisha pembetatu hukokotolewa kana kwamba iko kwenye karatasi bapa yenye pande za urefu uleule. Kwa pembetatu za ukubwa huu, kosa linalobaki ni dogo kuliko kosa la kupima.

== Tazama pia ==

* Tufe
* Duara kuu
* Latitudo
* Longitudo
* Trigonometria
* Upimaji ardhi
* Wilaya ya Wanging'ombe